Avos: Neno Lililonipatia Sapu Voronezh

Mtihani ulionifundisha maana ya neno avos ulikuwa wa somo ambalo Warusi huliita sopromat, yaani elimu ya namna mihimili, nguzo na vifaa vingine vya ujenzi vinavyobeba mzigo, vinavyopinda, na hatimaye vinavyovunjika. Wanafunzi wa uhandisi huko Urusi wanaliogopa somo hilo kiasi cha kuwa na msemo wa zamani kwamba aliyefaulu sopromat sasa anaweza kuoa. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, katika chuo kimoja mjini Voronezh, mji ulioko takriban kilomita 500 kusini mwa Moscow, na wakati huo wazo la kuoa lilikuwa mbali sana nami kuliko wazo la kurudishwa nyumbani.

Mitihani mingi kule hufanywa kwa mdomo. Mwalimu hupanga mezani vikaratasi vilivyogeuzwa kifudifudi, ambavyo kila kimoja huitwa bilet na kina maswali mawili ya nadharia na hesabu moja. Mwanafunzi huingia, huokota kimoja, hutaja namba yake, kisha huketi pembeni kujiandaa kabla ya kwenda kujibu mbele ya mwalimu. Orodha ya maswali yote hutolewa mapema, kwa hiyo hakuna siri juu ya kinachoweza kuulizwa. Siri ni moja tu, kikaratasi kipi kitaangukia mkononi mwako. Sisi tulikuwa na vikaratasi 30. Jioni ya kuamkia mtihani, nilikuwa nimesoma vya 1 hadi 20, na kichwa changu kilikuwa kimejaa kama debe la mafuta.

Mwenzangu wa chumba, Mrusi mzaliwa wa hapohapo Voronezh, aliniambia nilale. Alisema, “Avos pronesyot.” Neno la pili ni kitenzi kinachoeleza jambo baya linalopeperushwa na kupita pembeni bila kukugusa, kama wingu la mvua linalopita juu ya kijiji cha jirani. Neno la kwanza nililitafuta katika kamusi yangu ndogo, nikakuta limefasiriwa kuwa “labda”. Nikaridhika, nami nisijue kwamba kamusi imenipa ganda na kuacha kokwa.

Usiku huo tulifanya pia yale yanayofanywa na wanafunzi wa huko tangu enzi. Saa sita usiku alifungua dirisha, baridi ikaingia kama mwizi, akatoa nje kitabu chake cha alama, ambacho huitwa zachotka, akakikunjua na kupiga kelele, “Khalyava, pridi!” Khalyava ni kitu cha dezo, na maneno hayo yanakiomba kije. Kutoka madirisha ya juu na ya chini tulisikia wengine wakikiita vivyo hivyo. Kisha kitabu hufungwa haraka, hufungwa na uzi, wala hakifunguliwi tena mpaka mbele ya mwalimu, ili bahati iliyoingia isitoroke. Nilifanya yote hayo, na asubuhi nikaweka sarafu yenye namba tano chini ya kisigino ndani ya kiatu, kama ilivyo desturi.

Lazima niseme kwamba hatukuwa wajinga wa hesabu. Kabla ya kulala tulipiga hesabu kwenye gazeti kuukuu. Vikaratasi 30, nisivyovijua 10, kwa hiyo uwezekano wa kuangukia pabaya ni mmoja kwa tatu. Lakini walimu wengi humruhusu mwanafunzi aliyekwama kuokota kikaratasi cha pili kwa sharti la kupunguziwa alama moja. Ili nishindwe kabisa ilibidi niokote vibaya mara mbili mfululizo: 10 kwa 30, kisha 9 kwa 29, na ukizizidisha unapata 3 kwa 29, yaani kama mara moja katika kumi. Tulibishana pia kama ni heri kuingia wa kwanza au wa mwisho. Jambo hilo wanafunzi hulibishania kila mwaka, ilhali vitabu vyao wenyewe vya hesabu vina swali hilohilo pamoja na jibu lake: ikiwa hujui ni vikaratasi gani vimekwisha kuokotwa, nafasi yako ni ileile, uwe wa kwanza au wa ishirini na nne. Mara moja katika kumi ilionekana ndogo sana. Tukazima taa, na zile saa nane ambazo zingenitosha kupitia walau vikaratasi vinne zaidi nikazitumia kulala.

Niliokota namba 23. Nikaomba cha pili, nikapata 27.

Mwalimu, mama wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni, alinirudishia zachotka yangu bila kuandika kitu, maana kule alama ya kufeli haiandikwi katika kitabu cha mwanafunzi. Huandikwa kwenye orodha ya idara peke yake. Ukurasa mweupe ndio habari yenyewe. Nilikuwa nimepata sapu, kama tunavyosema vyuoni kwetu Tanzania.

Siku ya maelekezo kabla ya mtihani wa marudio, mwalimu yule aliniuliza hali yangu, nami nikataka kumwonyesha kuwa Kirusi changu kinakua. Nikasema, “Avos nitafeli tena.” Aliweka kalamu chini akacheka mpaka akavua miwani. Kisha, badala ya kuanza na mihimili, alianza na neno hilo.

Alinieleza kwamba avos haliwezi kubeba jambo baya. Unaweza kusema avos basi litakuja, avos mvua haitanyesha, avos mwalimu hataona, lakini huwezi kusema avos nitaugua wala avos daraja litaanguka. Mrusi akisikia hivyo, sikio lake linakataa kama letu linavyokataa mtu anayesema “alhamdulillahi nimeibiwa”. Avos hutazama mbele tu, wala halisemwi juu ya jambo lililokwisha kutokea, na hutazama upande mmoja tu wa mbele, ule unaomfaa msemaji. Tena mara nyingi sana linakuja pale ambapo kuna kitu kilichopaswa kufanywa na hakikufanywa. Mtu aliyefunga mlango kwa kufuli hasemi avos mwizi hatakuja. Anayesema ni yule aliyeuacha wazi, akarudi nusu ya njia, akasimama, kisha akaona uvivu kurudi. Kwa hiyo neno hili, ingawa lina sura ya kubashiri yajayo, kazi yake hasa ni kutoa udhuru wa lililoachwa.

Kisha akalirudisha somo kwenye sopromat. Aliniuliza kama najua kwa nini mhandisi akipata kwa hesabu kwamba mhimili utavunjika kwa mzigo fulani, hauruhusu kamwe kubebeshwa mzigo huo. Nilijua: kuna kinachoitwa zapas prochnosti, yaani akiba ya uimara. Chuma kikianza kulegea kwenye mkazo fulani, mhandisi hukipangia mkazo mdogo zaidi, tuseme theluthi mbili ya huo, kwa sababu vipimo hukosea, fundi hukosea, na watumiaji watafanya mambo ambayo hakuyawaza. “Basi,” alisema, “avos ni kula akiba iliyowekwa na mtu mwingine, halafu kujisifu kwamba una bahati.” Kikaratasi cha pili, alichokuwa ameniruhusu kuokota, kilikuwa akiba yake yeye kwa ajili ya mwanafunzi aliyesoma akapatwa na mshtuko. Mimi nilikuwa nimekiingiza kwenye mahesabu yangu tangu usiku wa manane, kana kwamba ni haki yangu. Kauli hiyo iliniuma kuliko sapu yenyewe, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Tangu hapo nilianza kulisikiliza neno hilo, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba vijana hawalitamki sana. Lilivyo peke yake lina harufu ya kizee na ya kijijini. Linaishi zaidi katika ile kauli ya avos pronesyot, na katika na avos, yaani kufanya jambo kwa kubahatisha, bila mpango. Mara nyingi hata hawalitamki. Wanasema “itapita” na avos linaeleweka. Lakini kila mtu analijua, na kila mtu ana maoni juu yake, kwa sababu Warusi wamelifanya kuwa jina la tabia yao wenyewe. Husema “avos la Kirusi” kama vile ni bidhaa ya nchi. Mshairi wao Pushkin alilitumia hivyohivyo mwaka 1830, katika hadithi yake ya kasisi bahili anayemwajiri mtumishi kwa ujira wa kumpiga konzi tatu za paji la uso mwishoni mwa mwaka. Kasisi anakuna paji la uso, anawaza kwamba konzi na konzi hazilingani, na anakubali kwa kulitegemea avos la Kirusi. Mwisho wa mwaka ulifika, na konzi zikalipwa zote.

Wenye kuchunguza asili ya maneno wanasema avos limeunganishwa na vijineno vya kale vyenye maana kama “na hiki hapa”. Lina nduguye, nebos, ambalo limetokana na “usiogope”, na wa tatu wao ni kak-nibud, yaani vyovyote vile. Methali ya zamani inasema Mrusi amesimama imara juu ya nguzo tatu: avos, nebos na kak-nibud. Vladimir Dal, aliyekusanya methali za Kirusi katika karne ya 19, aliandika nyingi za ukoo huu. Moja inasema avos si mungu, lakini ni nusu mungu. Nyingine inawafanya avos na nebos kuwa watu wawili: Avoska alimshika Neboska, wakaanguka wote wawili. Mwenye kusikiliza vizuri ataona kwamba methali hizo hazina hasira. Zinakemea jinsi bibi anavyomkemea mjukuu anayempenda kuliko wote.

Mapenzi hayo yanaonekana katika vitu pia. Katika miaka ya 1930, bidhaa zilipokuwa adimu madukani, watu walizoea kutembea na mfuko mwembamba wa nyuzi zilizofumwa kama wavu wa samaki, unaokunjwa ukaenea katika kiganja na kutiwa mfukoni, kwa kuwa hujui ni duka gani leo litaleta sukari. Mfuko huo uliitwa avoska. Kabla ya hapo, mwaka 1806, Warusi waliokuwa wakiishi Alaska waliunda jahazi wakalipa jina la Avos. Mtu wa pwani ya kwetu akisoma hilo atashtuka kidogo, maana kuipanda daladala iliyoandikwa “Bora Liende” ni jambo moja, na kutweka tanga la jina hilo katika bahari ya kaskazini ni jingine.

Nilijaribu kwa muda mrefu kulipatia neno la Kiswahili, na jitihada hiyo ndiyo iliyonifanya nilielewe. “Liwalo na liwe” halifai, kwa sababu msemaji wake amekwisha kuyakubali mabaya pia, ilhali avos halitaki hata kuyatazama. “Inshallah” ni mbali zaidi, ingawa wageni wengi huyafananisha: mkulima aliyelima, akapanda na kupalilia, husema inshallah tutavuna, na hapo anamtaja mwenye uamuzi wa mwisho. Avos halimtaji yeyote, na linapendelea shamba ambalo halijapaliliwa. “Bora liende” liko karibu, lakini hilo ni la kazi iliyolipuliwa, kwa hiyo ni jirani wa kak-nibud. Lililo karibu kwa joto lake ni “Mungu si Athumani”, hasa linapotamkwa kwa tabasamu na mtu ambaye amebakiwa na shilingi mia tano na siku tatu za mwezi. Hata hivyo, mtu huyo huenda hakufanya kosa lolote. Mwenye avos, karibu kila mara, amelifanya.

Niliwahi kuteleza. Bomba la jikoni kwenye hosteli lilivuja, fundi akalifunga kwa kitambaa na waya, nami nikasema mbele ya wapishi wenzangu, kwa kujiona mjuzi, kwamba hilo ndilo avos lenu la Kirusi. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja aliendelea kumenya viazi akaniuliza kwa upole kama kwetu mabomba hayavuji. Dakika kumi baadaye, mwenzangu wa chumba aliingia, akaliona lile bomba, akasema maneno yaleyale niliyoyasema, na jiko zima likaangua kicheko. Nikaelewa kwamba huo ni utani, na utani una wenyewe. Mimi sikuwa mtani wao.

Wapo wanaolitetea neno hilo kwa hoja nzito. Mwanahistoria Vasily Klyuchevsky, aliyefariki mwaka 1911, alieleza katika mihadhara yake kwamba hali ya hewa ya Urusi ya kati ilimzoeza mkulima kudanganywa. Majira ya kilimo ni mafupi, baridi kali hurudi pale mtu alipokwisha kuamini kwamba imeondoka, na hesabu ya busara kabisa huishia kuchekwa na mbingu. Mkulima huyo, kwa maelezo ya Klyuchevsky, akazoea wakati mwingine kuchagua njia isiyo na matumaini kabisa, akapambanisha ukaidi wa maumbile na ukaidi wa ujasiri wake, na tabia hiyo ya kuichokoza bahati ndiyo avos. Ni maelezo mazuri, na yanampa heshima mkulima. Lakini nikikumbuka usiku wangu wa vikaratasi 30, sioni baridi yoyote iliyonidanganya. Kitanda kilikuwa kizuri, basi.

Aliyenionyesha mpaka wa neno hilo ni babu yake mwenzangu wa chumba, mzee aliyestaafu, mvuvi wa barafuni. Katikati ya Voronezh kuna bwawa kubwa lililojazwa maji mwaka 1972 kwa kuzuia mto wa jina hilohilo, na kila majira ya baridi wanaume hukaa juu yake kwenye visanduku, kila mmoja akiinamia tundu dogo alilolitoboa kwenye barafu. Mwezi Machi, wiki chache baada ya mimi kufaulu sapu, mzee alitupeleka. Shingoni alivaa vishikio viwili vya mbao vyenye misumari nchani, vilivyounganishwa kwa kamba, vya kujivutia mtu akizama, na mkononi alishika peshnya, mtaimbo mzito wa kupimia barafu.

Ukingoni palikuwa pamekwisha kuyeyuka, na wavuvi walikuwa wamelaza mbao juu ya ule mstari wa maji ili wavuke. Mbele yetu, kama mita 200, walikaa watu wapatao kumi na watano. Nikasema kwamba ikiwa inawabeba wao itatubeba na sisi. Mzee hakunijibu. Alitembea hatua chache, akapiga peshnya, akasikiliza, kisha akatoboa kwa keekee yake ya barafu na kutia kijiti chenye alama. Ilikuwa sentimita 28. Nilifurahi, maana nilikuwa nimesoma katika tangazo la idara ya uokoaji kwamba mtu mmoja anahitaji walau sentimita 7, na njia ya waenda kwa miguu 15. Kwa sopromat yangu mpya nikaona tuna akiba ya uimara ya kutosha na kubaki.

Mzee akaokota kilichotoka kwenye tundu akaniwekea kiganjani. Januari, alisema, keekee hulia na hutoa unga mkavu mweupe. Hiki kilikuwa chembe zilizolowa, kama chumvi ya mawe. Akapiga ukingo wa tundu kwa kisigino, pande moja likamomonyoka, nalo halikuvunjika kama kioo, bali liliachana kwa vijiti virefu vilivyosimama wima, kama mishumaa iliyofungwa pamoja. Jua la Machi huipenya barafu na kuiyeyusha katika mipaka ya fuwele zake, kwa hiyo unene hubaki uleule huku mshikamano ukiisha. Zile sentimita 7 za tangazo ni za barafu safi, yenye rangi ya buluu au kijani. Nyeupe kama maziwa hubeba nusu yake, na ya kijivu isiyong'aa haitegemewi hata kidogo. Yetu ilikuwa ya kijivu.

“Mimi nimezama mara mbili,” mzee alisema. “Mara ya kwanza nilikuwa nimepima, nikakosea. Hiyo ni bahati mbaya. Mara ya pili sikupima, kwa sababu nilikuwa na haraka na wenzangu walikuwa wamekwisha kufika. Hilo ndilo avos.” Akafuta keekee, akaanza kurudi.

Mjukuu wake alilalamika njia nzima kwamba wale wengine wanavua. Na kweli walivua. Tulikaa ufukweni tukinywa chai ya chupa hadi karibu saa kumi alasiri, na wote wakarudi wakavuka juu ya zile mbao, mmojammoja, wakiwa wameloa magoti tu, na mmoja wao akamwonyesha mzee rundo la samaki wadogo wenye mapezi mekundu, akamtania kwamba uzee umemwingia miguuni. Mzee aliwatazama samaki wale kwa wivu usiofichika.

“Pronesló,” alisema. Imepita.

Tulipofika kituo cha basi, aliingiza mkono katika mfuko wa koti akatoa kitu kilichokunjwa, akakikunjua: avoska ya zamani, ya nyuzi za buluu zilizopauka. Akaingia dukani, akatoka na vibua wawili wa barafu, na njiani akanisihi nisimwambie bibi walikotoka.